Mshale wa maji kwenye kondensa: shajara ya mchoro wa mtambo wa kukenekea

Siku ya 1

Bango la zamani la ukenekaji limechakaa hadi maandishi hayasomeki, na nimepewa kazi ya kuchora jipya kwenye karatasi ya A2. Wanaoingia maabara hulitazama wakiwa wameshika mipira miwili ya maji mkononi, wakiulizana upi uende wapi. Wanachokiona ukutani ndicho wanachokifunga mezani. Kwa sababu hiyo sitanakili mchoro mwingine wowote. Nimefunga mtambo wenyewe juu ya meza, nao nitauchora huku nautazama.

Ndani ya flaski nimeweka mililita 100 za myeyusho wa salfeti ya shaba. Nimeuchagua kwa rangi yake: kimiminika cha flaskini ni buluu, na kitakachodondoka upande wa pili hakina rangi. Mtu akiona hivyo anaelewa papo hapo kwamba maji yamesafiri na chumvi imebaki.

Majina ya sehemu nimeyaorodhesha kwa kufuata safari ya mvuke, maana ndiyo njia ambayo msomaji ataikumbuka. Chini kabisa kuna kichomeo cha Bunsen, juu yake stendi ya miguu mitatu na wavu wa waya. Juu ya wavu imekaa flaski ya kukenekea, yenye kitako cha duara na tawi linalochomoza shingoni. Humo ndani kuna vipande vichache vya kauri vya kutuliza mchemko, ili kimiminika kisirukeruke. Mdomo wa flaski umezibwa kwa kizibo cha mpira chenye tundu, na kipimajoto kimepita kwenye tundu hilo. Tawi la flaski linaingia kwenye kondensa ya Liebig. Kondensa yenyewe ina sehemu mbili: mrija wa ndani, ambamo mvuke unapita, na koti la maji linalouzunguka mrija huo. Koti lina midomo miwili, mmoja karibu na kila ncha. Mwishoni kuna chombo cha kupokelea, ambacho kwangu ni flaski ya koni. Stendi mbili zenye vibano zinashika flaski na kondensa.

Leo nimechora rasimu ya kwanza kwa penseli. Nikiitazama kwa mbali inapendeza. Kesho nitaikagua kwa karibu.

Siku ya 2

Nimeikagua kwa njia niliyofundishwa zamani na fundi aliyenitangulia, na ambayo bado sijapata iliyo bora kuliko hiyo. Unaweka ncha ya penseli juu ya kimiminika ndani ya flaski, kisha unaisogeza polepole kama vile wewe ndiye mvuke: unapanda shingoni, unakata kuingia kwenye tawi, unapita mrija wa ndani, unatoka hadi chombo cha kupokelea. Ukilazimika kukanyaga mstari popote, mchoro wako umeziba njia. Halafu unarudia kwa upande wa maji: kutoka bombani, kwenye mpira, ndani ya koti, hadi sinki. Sharti la tatu ndilo gumu zaidi. Njia hizi mbili zisikutane mahali popote.

Rasimu yangu imeshindwa mara mbili.

Kwanza, pale tawi linapoungana na shingo ya flaski nilikuwa nimeacha mstari wa shingo upite moja kwa moja. Nilichora shingo kwanza, tawi nikaliongeza baadaye, na kipande kile cha mstari hakikufutwa. Mvuke wangu umegonga ukuta. Katika mchoro wa mkato, ambao unaonyesha mtambo kana kwamba umepasuliwa katikati, kila mstari ni kioo. Mstari mmoja uliosahaulika una maana ya flaski iliyozibwa, na flaski iliyozibwa ikipashwa moto hulipuka.

Pili, kwenye ncha za koti. Koti la kondensa limefungwa kwa kuunganishwa na mrija wa ndani katika ncha zote mbili, ili maji yasipate pa kutokea isipokuwa midomoni. Mimi nilichora mistari miwili ya nje na mistari miwili ya ndani, nikasahau kuifunga mwishoni. Penseli ya maji imepita kutoka kwenye koti, ikazunguka ncha, ikaingia kwenye mrija wa ndani bila kugusa chochote. Mchoro wa namna hiyo unamwambia msomaji kwamba maji ya bomba yanachanganyika na kile anachokikeneka. Wanafunzi wengi huchora hivyo hivyo, na sasa najua wanaiga wapi.

Nimerekebisha yote mawili. Nimerekebisha pia mwinamo: rasimu ya kwanza ilikuwa na kondensa iliyolala karibu sawa na meza. Nilipopima kwa protrakta, tawi la flaski yangu linateremka nyuzi kama 15 kutoka mstari wa meza, na kondensa inafuata mteremko huohuo. Bila mteremko matone hayana sababu ya kwenda mbele. Vilevile maneno "mdomo wa juu" na "mdomo wa chini" hayana maana kwenye kondensa iliyolala.

Siku ya 3

Leo ni zamu ya mshale. Kila mtu hapa anajua kwamba maji ya kupozea yanaingia mdomo wa chini na kutoka mdomo wa juu. Nilitaka kuandika sababu kwa maneno machache kando ya mshale, nikamuuliza mwalimu wa kemia angeandika nini.

"Andika kwamba maji baridi na mvuke vinakwenda pande zilizokinzana," alisema. "Yale maji baridi kuliko yote yanakutana na mwisho wa mrija, pale unapotaka kila kitu kiwe kimepoa."

"Mwalimu, hiyo ndiyo sababu kubwa?"

"Ndiyo tunayoifundisha, fundi."

Sikutaka kubisha bila ushahidi, basi nimefanya jaribio la baridi. Sikuwasha moto. Nilifungua bomba hadi silinda ya kupimia ya mililita 500 ikajaa kwa dakika moja, nikaweka alama kwenye mkono wa bomba ili ufunguzi uwe uleule siku nzima.

Mara ya kwanza nilifunga mpira wa bomba kwenye mdomo wa chini. Maji yaliingia, yakatulia chini ya koti, kisha yakaanza kupanda. Uso wake ulibaki sawa na meza huku kondensa ikiwa imeinama, kwa hiyo ungeona ukingo wa maji ukitembea juu ya mrija wa ndani kama kivuli kinachosogea. Hewa ilisukumwa mbele yake na kutokea mdomo wa juu. Mpira wa sinki ulitema viputo, ukakohoa mara mbili, halafu ukatoa maji matupu. Ilichukua sekunde kama 15. Nilipochungulia ndani ya koti hapakuwa na hewa hata kidogo.

Kisha nikabadilisha mipira. Maji yaliingia juu, yakateremka kama kijito chembamba kando ya sakafu ya koti, yakatokea mdomo wa chini. Sehemu kubwa ya mrija wa ndani ilibaki kavu mgongoni, imezungukwa na hewa. Nilisubiri dakika 3 nikidhani itajaa yenyewe, lakini haikujaa. Kila maji yaliyofika chini yalikuta mlango wazi, na mpira unaoning'inia kuelekea sinki uliyavuta yatoke upesi zaidi. Nilipoongeza mkondo, maji yalijikusanya kwenye ncha ya chini, yakafika kama theluthi ya koti, yakasimama hapo.

Nikajaribu ujanja ambao nimewahi kuuona: kuunyanyua mpira wa kutolea maji hadi upite juu ya kondensa nzima. Hapo maji yalipanda kweli. Ila kwenye ncha ya juu kilibaki kiputo cha upana wa vidole viwili, na hakikuondoka. Hewa hupanda, na njia ya kutokea iko chini, sasa itatokaje? Na ncha ya juu ndiyo inayopokea mvuke ukiwa wa moto kabisa.

Nimejifunza na jambo ambalo sikulifikiria wakati naanza mchoro. Nilirudisha mipira kwenye nafasi yake sahihi, chini kuingia na juu kutoka, kisha nikalegeza kibano na kuizungusha kondensa hadi mdomo wa juu ukatazama sakafu. Hewa ikanasa tena, safari hii kwenye dari ya koti, juu ya usawa wa mdomo. Nilipouzungusha ukatazama dari, kiputo kilitoka chenyewe. Kumbe haitoshi kusema maji yatokee ncha ya juu. Mdomo wenyewe unapaswa kuelekea juu, ili uwe mahali pa juu kuliko pote ndani ya koti. Rasimu yangu ilikuwa na midomo yote miwili ikitazama chini, kwa sababu nilitaka mipira ishuke vizuri mezani. Nimefuta. Sasa mdomo wa chini unatazama chini, wa juu unatazama juu.

Siku ya 4

Jaribio la moto. Nimelifanya kwa njia sahihi tu, maji kuingia chini. Sitapasha kondensa yenye koti lisilojaa ili nione itakuwaje, maana nimeshawahi kuona. Miaka iliyopita, katika maabara nyingine niliyofanyia kazi, mtu aliwasha moto akasahau maji. Mvuke ulipoanza kufuka kwenye ncha ya kondensa ndipo alipokumbuka, akafungua bomba kwa nguvu. Maji baridi yaligonga mrija uliokuwa umeshapata joto la mvuke, ukasikika mlio mdogo kama wa ukucha ukigonga kikombe, na ufa ukazunguka mrija wote karibu na mdomo wa maji. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni maji kwanza, moto baadaye. Wakati wa kumaliza ni kinyume chake: moto uzimwe kwanza, maji yaendelee hadi mvuke uishe. Kijito kinachopita upande mmoja wa mrija wa moto kinafanya kosa la aina hiyohiyo polepole, kwa kuwa upande mmoja wa kioo unasinyaa kwa baridi na mwingine umetanuka.

Nilipima vitu vitatu. Matone yalipotulia, mililita 20 zilikusanyika kwa dakika 10, yaani mililita 2 kila dakika. Maji ya kupozea yaliingia yakiwa na nyuzi 24. Yalitoka kati ya 26 na 27.

Nilikaa na kalamu nione kama hesabu inakubaliana na kipimajoto. Gramu 1 ya mvuke wa maji inapogeuka kuwa maji huachia jouli kama 2,260. Gramu 2 kwa dakika ni jouli 4,520. Maji hayo yakishapatikana bado ni ya moto, na yanapoa kutoka nyuzi 100 hadi kama 30, wakati kila gramu inaachia jouli 4.2 kwa kila nyuzi moja: 2 mara 4.2 mara 70, ni karibu 590. Jumla ni jouli kama 5,100 kwa dakika. Upande wa pili, gramu 500 za maji ya kupozea huhitaji jouli 2,100 ili zipande nyuzi moja. Gawanya 5,100 kwa 2,100, unapata nyuzi 2.4. Kipimajoto changu kimesema vivyo hivyo.

Sasa tazama namba hiyo inavyojibu swali la jana. Tofauti ya joto la maji kati ya mwanzo na mwisho wa koti ni nyuzi 2.4 tu. Mvuke una nyuzi 100. Kwa mvuke huo, kukutana na maji ya nyuzi 24 au ya nyuzi 26.4 ni karibu jambo lilelile. Kwa hiyo hoja ya pande zinazokinzana ni ya kweli, lakini kwenye mtambo huu inaleta faida ndogo mno. Kinachobeba mzigo ni kule kujaa kwa koti. Hewa inabeba joto vibaya sana ukiilinganisha na maji, na kila sehemu ya mrija iliyozungukwa na hewa ni sehemu ya kondensa ambayo haifanyi kazi.

Nilimpelekea mwalimu karatasi ya hesabu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama ingekuwa hivyo hivyo kwa mkondo mdogo. Ni swali zuri. Ukipunguza mkondo hadi mililita 100 kwa dakika, maji yanapanda nyuzi kama 12, na hapo mpangilio wa kukinzana unaanza kuonekana. Na ukikeneka kitu kama etha, ambacho huchemka karibu na nyuzi 35 na ambacho hakipashwi kwa moto wazi hata siku moja, maji ya nyuzi 24 yana nafasi ndogo sana ya kufanya kazi, kwa hiyo kila nyuzi ina thamani. Tumekubaliana kwamba kando ya mshale patakuwa na sentensi mbili, ya kujaa koti ikitangulia na ya kukinzana ikifuata.

Namba hiyohiyo imenionyesha pia kwamba hakuna haja ya kufungua bomba kwa kishindo. Mkondo wa nusu lita kwa dakika ulitosha kwa raha. Mkondo mkali hauongezi baridi ya maana. Unachoongeza ni uwezekano wa mpira kuchomoka na kumwaga maji juu ya kioo cha moto.

Siku ya 5

Leo nimeshughulikia sehemu mbili ndogo.

Balbu ya kipimajoto. Bango la zamani liliionyesha ikiwa imezama kwenye kimiminika. Tunachotaka kujua ni joto la mvuke unaokwenda kwenye kondensa, na mahali pa kulipima ni pale unapogeuka kuingia kwenye tawi. Nimechora balbu ikiwa sambamba na mdomo wa tawi. Ikikaa juu zaidi, mvuke unakata kona kabla ya kuizunguka vizuri na kipimajoto kinasoma chini ya ukweli. Ikizama, inasoma joto la myeyusho, ambao ukiwa na chumvi unachemka juu kidogo kuliko maji safi, na joto hilo linazidi kupanda kadiri maji yanavyopungua. Leo balbu ikiwa mahali pake, usomaji ulisimama imara kuanzia tone la kwanza hadi nilipozima moto, flaski ikiwa na robo ya myeyusho bado.

Chombo cha kupokelea. Ncha ya kondensa nimeiweka ikining'inia ndani ya shingo ya flaski ya koni bila kizibo, na nafasi ya hewa pande zote mbili inaonekana wazi kwenye mchoro. Hapo ndipo mtambo mzima unapopumulia. Ncha hiyo isiguse kimiminika kilichokwisha kukusanyika: moto ukizimwa, mvuke uliomo ndani unasinyaa na kuvuta, na kama ncha imezama, kilichokusanyika kinarudi nyuma kuelekea flaski ya moto.

Siku ya 6

Siku ya kupima mchoro kwa watu. Nilimwita binti aliye kwenye mafunzo ya ufundi wa maabara, ambaye hajawahi kufunga mtambo huu, nikampa rasimu na kondensa na mipira miwili. Nilimwomba afunge maji tu, asiniulize chochote.

Alilowesha midomo ya kondensa kwa maji ili mpira uteleze, jambo lililonifurahisha. Kisha akafunga mpira wa bomba kwenye mdomo wa juu.

"Binti, nionyeshe umeona wapi."

"Shikamoo, fundi, si hapa?" Aliweka kidole kwenye mstari wa lebo wa mdomo wa juu. "Mshale unaingia hapa."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechora mistari ya lebo yote ikiwa na vichwa vya mshale, na huo wa mdomo wa juu ulielekea ndani ya mdomo kabisa. Kwangu ulikuwa mstari wa kutaja jina. Kwake ulikuwa maji. Mshale halisi wa maji ya kuingia ulikuwepo pale chini, lakini ulikuwa mmoja kati ya mishale kumi na mingapi inayofanana, na macho yake yalishika ule wa kwanza kukutana nao.

Baada yake alikuja kijana mwingine, naye alifunga vizuri kondensani, lakini alisita kwenye maneno. Kwenye mdomo wa juu niliandika "maji yanatoka". Kwenye chombo cha kupokelea nako niliandika "maji yanatoka hapa". Aliniuliza kama ni maji yaleyale. Hapo nikaona hatari ya salfeti ya shaba: kinachokenekwa nacho ni maji, kwa hiyo neno lile moja linataja vitu viwili ambavyo mchoro mzima unajaribu kuvitenganisha. Kwa bango la pombe na maji suala hili lisingejitokeza.

Nimebadilisha mambo matatu jioni hii. Mistari ya lebo sasa ni mistari mitupu iliyopigwa kwa rula, haikatani, na inaishia juu ya kitu kinachotajwa. Mishale imebaki miwili tu kwenye bango zima, na nimeiweka ndani ya mipira yenyewe, kwa mwelekeo wa mkondo, badala ya kuiacha ielee pembeni. Mpira wa kuingilia nimeuchora hadi kwenye bomba lenyewe na wa kutolea hadi kwenye sinki, ili hata asiyesoma lebo aone maji yanatokea wapi na yanaishia wapi. Na maneno ni "maji ya kupozea yanaingia", "maji ya kupozea yanatoka", na kwenye chombo cha kupokelea "maji yaliyokenekwa".

Siku ya 8

Jana sikugusa kazi hii. Leo nimepiga wino.

Rangi imenisumbua kuliko nilivyotarajia. Desturi ni kupaka maji ya kupozea buluu, lakini buluu imeshachukuliwa na salfeti ya shaba, na kurudia rangi ile kwenye koti kungemfanya mtu adhani myeyusho umevuka. Nyekundu kwa maji yanayotoka nayo niliikataa, kwani ingemfanya mtu atarajie maji ya moto, wakati tumeona yamepanda nyuzi 2 na kitu. Nimeamua hivi: buluu ni ya myeyusho ndani ya flaski peke yake. Maji ya kupozea yamechorwa kwa vistari vyepesi vya kijani vilivyolala sawa na meza, vikijaza koti lote hadi dari yake ya juu, bila kuacha nafasi nyeupe. Mishale miwili ni myeusi na minene. Mrija wa ndani nimeuacha mweupe, na matone matatu yamechorwa sehemu yake ya chini, mahali ambapo kweli niliyaona yakikimbia.

Kwenye kona ya chini nimeandika sentensi mbili tulizokubaliana na mwalimu, na chini yake mpaka mmoja wa matumizi: kwa vimiminika vinavyochemka juu ya nyuzi 140 au 150, kondensa ya maji haitumiki, kwa kuwa tofauti ya joto kati ya pande mbili za kioo inakuwa kubwa mno na mrija unaweza kupasuka. Kwa vimiminika hivyo hutumika mrija mtupu unaopozwa na hewa ya chumba.

Mwalimu aliuliza kama tuandike "kondensa ya Liebig" au "kondensa" tu. Mkemia Liebig aliieneza sana katika karne ya 19, ila kifaa cha namna hii kilielezwa na mkemia mwingine, Weigel, mwaka 1771, kabla Liebig hajazaliwa. Tumeacha jina la Liebig, maana ndilo atakaloliona mtu akiitafuta kwenye kabati la vioo.

Nilirudia jaribio la penseli juu ya wino uliokauka. Mvuke umepita. Maji yamepita. Hayakukutana.

Siku ya 9

Bango limetundikwa upande wa sinki, usawa wa macho ya mtu aliyesimama mbele ya mtambo. Nilimwita tena yule binti pamoja na mwenzake ambaye hakuwahi kuiona rasimu, nikawaachia meza. Yule mgeni ndiye aliyefunga. Alitazama bango, akaizungusha kondensa kwenye kibano hadi mdomo wa juu ukatazama dari, akafunga mpira wa bomba chini na wa sinki juu, akafungua maji kidogo. Ukingo wa maji ukapanda ndani ya koti. Kiputo kimoja kilisimama kwenye ncha ya juu, akaigonga kondensa kwa ukucha mara moja, kikatoka.

Kisha akaangalia sinki kuona kama mpira unatiririka bila kukohoa, na ndipo alipoomba kiberiti.